Barua ya deni la kodi: soma kila mwezi kabla ya kusoma jumla

Barua ya mwenye nyumba kwa mpangaji anayedaiwa huwa na sura moja, iwe imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari au imechapwa stesheneri. Juu kuna jina na namba ya chumba. Katikati kuna orodha ya miezi, kila mwezi na fedha yake. Chini kuna namba moja kubwa iliyopigiwa mstari mara mbili, na muda: siku saba, siku kumi na nne, au "haraka iwezekanavyo". Mpangaji huiona ile namba ya chini kwanza, moyo ukamlipuka, na kuanzia hapo mazungumzo yote huwa ni kuhusu hiyo namba. Atakopa wapi? Atapunguziwa kidogo?

Kisheria jumla si kitu cha kwanza. Kodi ya mwezi mmoja ni deni linalosimama lenyewe: lina tarehe yake ya kuiva, kiwango chake na malipo yake. Jumla ni hesabu ya kujumlisha tu, na mstari mmoja ukianguka, nayo inashuka. Kwa hiyo safu hii inaisoma barua moja mstari kwa mstari. Ni barua ya mfano na watu wake ni wa mfano, lakini mambo yaliyomo ni ya kawaida kabisa katika nyumba za kupanga za Mwembesongo na kata nyingine za Manispaa ya Morogoro.

Mpangaji wetu anakaa chumba na sebule, uani, tangu Januari 2024. Mkataba ulikuwa wa maandishi, wa mwaka mmoja, kwa Sh60,000 kwa mwezi. Ulipoisha Desemba 2024 hakuna aliyeandika mwingine. Yeye akaendelea kukaa, mama mwenye nyumba akaendelea kupokea kodi. Novemba 2025 anapewa barua hii:

Salio la Desemba 2024: 20,000
Machi hadi Juni 2025, kwa 60,000: 240,000
Julai hadi Oktoba 2025, kwa 80,000: 320,000
Faini ya kuchelewa, asilimia 10: 58,000
Maji: 45,000
Gharama za kuandaa barua: 30,000
Jumla: 713,000

Mwishoni pana nafasi ya sahihi ya mpangaji, chini ya maneno "Nakubali kuwa nadaiwa kiasi kilichotajwa hapo juu na nitakilipa ndani ya siku 14."

Tuanze na miezi ya Machi na Aprili, maana ndiyo yenye fundisho kubwa. Mpangaji anaapa kwamba aliilipa. Mwezi wa tano alituma Sh120,000 kwa simu, kisha akaandika ujumbe: "Shikamoo mama. Nimetuma laki na ishirini, ni kodi ya mwezi wa tatu na wa nne." Akajibiwa: "Marahaba, imefika." Mama naye hakani kupokea. Anasema Januari na Februari zilikuwa hazijalipwa, basi ile laki na ishirini aliiweka huko, na ndiyo maana Januari na Februari hazimo kwenye orodha. Mpangaji anasema miezi hiyo miwili alilipa taslimu, mkononi mwa kijana wa mama, bila risiti.

Hapa watu hupigana kelele uani hadi jioni, wakati jibu limo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, vifungu vya 59 hadi 61. Mtu anayedaiwa madeni kadhaa na mtu mmoja akilipa huku akisema ni ya deni lipi, na mdai akapokea, malipo yanakwenda kwenye deni lililotajwa. Asiposema, wala mazingira yasioneshe, mdai anaweza kuchagua deni la kuyaweka. Na wote wawili wakinyamaza, malipo yanaanza na deni la zamani zaidi.

Mpangaji wetu alisema, tena kwa maandishi, na akaitikiwa. Basi Machi na Aprili zimelipwa. Mama mwenye nyumba hakuwa na ruhusa ya kuihamishia fedha hiyo Januari kimyakimya.

Mpangaji asishangilie mapema, hata hivyo. Kanuni hiyo imeziondoa Machi na Aprili kwenye orodha, lakini imezirudisha Januari na Februari mezani. Mama anaweza kuandika upya akidai miezi hiyo, na hapo mpangaji ndiye atakayetakiwa kuonesha kwamba alilipa, kwa sababu katika Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, anayedai jambo fulani limetokea ndiye anayelithibitisha. Taslimu bila risiti si kwamba haikulipwa. Jirani aliyekuwepo anaweza kutoa ushahidi, na kijana aliyepokea anaweza kuulizwa. Hata ule ujumbe wa mwezi wa tano unasaidia kidogo: mtu anayedaiwa Januari kwa kawaida halipi Machi, na mama aliposoma "mwezi wa tatu na wa nne" hakuuliza "na wa kwanza je?" Huo ni ushahidi wa mazingira, wenye uzito wake, lakini haufikii risiti ya karatasi yenye tarehe na sahihi.

Kwa simu hali ni nyepesi zaidi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe na kumbukumbu za kielektroniki hupokelewa kama ushahidi. Tatizo ni kwamba muamala wa kawaida wa kutuma fedha unaonesha kiasi, tarehe na jina, hauoneshi ni kodi ya mwezi gani. Ndiyo sababu ule ujumbe wa pili, wa maneno, una thamani kuliko watu wanavyodhani. Na simu huibiwa: piga picha ya skrini uihifadhi kwingine, au uombe taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu mapema, usisubiri siku ya shauri.

Kuna malipo mengine ambayo barua haikuyataja kabisa. Septemba mpangaji alituma Sh100,000 bila kusema lolote, na mama hakusema ameziweka wapi. Kanuni ile ile inafanya kazi: zinaanza na deni la zamani. Tuiweke kando kwanza Januari na Februari, ambazo zina ubishi wake. Elfu ishirini zinamaliza salio la Desemba. Elfu sitini zinamaliza Mei. Elfu ishirini zinazobaki zinaingia Juni, na Juni inabaki na deni la 40,000. Namna hiyo Desemba, Mei na sehemu ya Juni zinatoka kwenye orodha bila ugomvi wowote, kwa hesabu tu. Katika barua nyingi za deni, kosa linaloonekana haraka zaidi ni hili: kuna safu ya miezi na hakuna safu ya malipo.

Sasa Julai. Kodi imepanda kutoka 60,000 hadi 80,000. Mama anasema alimwambia mpangaji mwezi wa sita. Mpangaji anasema alisikia, lakini hakukubali, na hajawahi kulipa elfu themanini hata mara moja. Wapo wanaofikiri kuna chombo cha serikali kinachopanga viwango vya kodi ya nyumba. Kilikuwepo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, lakini sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiwango ni makubaliano ya watu wawili, chini ya Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, na mkataba wenyewe.

Makubaliano yana watu wawili, wala hayapandi kwa kauli ya mmoja. Mkataba wa mwaka mmoja ulipoisha, na kodi ikaendelea kupokelewa, upangaji uligeuka kuwa wa mwezi hadi mwezi kwa masharti yale yale ya zamani, pamoja na kiwango chake. Mama alikuwa na njia safi: kutoa ilani ya maandishi kwamba upangaji wa sasa unakoma, na anayetaka kubaki abaki kwa kodi mpya. Hakufanya hivyo. Kwa maoni yangu Sh20,000 za ziada kwa miezi minne, yaani Sh80,000, zina msingi dhaifu. Nasema dhaifu, sisemi hazipo, kwa sababu wakili wa upande wa pili atasema mpangaji aliyeambiwa kodi mpya na akaendelea kukaa amekubali kwa vitendo. Kama angelipa 80,000 hata kwa mwezi mmoja, ningemshauri aache kubishania hilo.

Faini ya asilimia 10 ni rahisi. Fungua mkataba. Kama haimo, haidaiwi. Mwenye nyumba hawezi kuitunga siku anapoandika barua. Na hata ingekuwemo, kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinampa anayedai fidia ya kadiri inayostahili, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Hakimpi faini nzima kwa sababu tu iliandikwa. Hapa imepigwa juu ya Sh580,000, jumla ya kodi yote iliyodaiwa, ikiwemo Machi iliyokwisha kulipwa na nyongeza yenye ubishi. Gharama za barua nazo hazimo mkatabani. Zitoke.

Maji ni jambo la kuulizwa kabla ya kukataliwa. Nyumba nyingi za kupanga zina mita moja ya MORUWASA na wapangaji wanagawana ankara. Huenda mpangaji anadaiwa kweli. Aombe kuoneshwa ankara za miezi husika na namna zilivyogawanywa, kisha alipe fungu lake. Kuandika "Maji: 45,000" bila mwezi wala ankara hakumwambii mtu kitu.

Tukusanye. Kisichobishaniwa ni 40,000 za Juni na 240,000 za Julai hadi Oktoba kwa kiwango cha zamani: Sh280,000. Kinachobishaniwa ni 120,000 za Januari na Februari na 80,000 za nyongeza. Mpangaji akishindwa kwenye yote mawili atadaiwa kodi ya Sh480,000, pamoja na fungu lake la maji. Hata katika hali yake mbaya kabisa hafiki 713,000. Lakini pia, na hili wapangaji wengi hawapendi kulisikia, hata akishinda kila kitu anadaiwa karibu laki tatu, na kukaa kimya kwa sababu barua ina makosa hakufuti deni hilo.

Kuhusu ile nafasi ya sahihi: usiweke sahihi chini ya maneno "nakubali" kwa sababu tu umeombwa kuthibitisha kupokea. Andika kwa mkono wako: "Nimepokea barua hii leo tarehe fulani. Sikubaliani na hesabu. Nitajibu kwa maandishi." Sahihi chini ya maneno ya kukubali inafanya mambo mawili kwa mpigo. Inageuka ushahidi dhidi yako kwa kiasi chote. Pia inaanzisha upya saa ya ukomo. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya malimbikizo ya kodi yana miaka sita, na kila mwezi unahesabiwa tangu ulipoiva. Lakini anayekiri deni kwa maandishi yenye sahihi kabla miaka hiyo haijaisha anamfanya mdai aanze kuhesabu upya tangu siku hiyo. Kwa deni la mwaka mmoja hilo si kitu. Kwa barua inayofukua miezi ya miaka mitano iliyopita ni jambo kubwa.

Jibu lako liwe fupi, na liwe na jedwali lako: mwezi, kodi, kilicholipwa na tarehe yake, kilichobaki. Ambatisha nakala za risiti na picha za ujumbe. Sema wazi kiasi unachokubali, unachokikataa na sababu yake, kila sababu sentensi moja. Kisha anza kulipa kile unachokubali, kwa njia inayoacha alama, na ukitaje: "Mama, nimetuma laki moja: 40,000 ni salio la Juni, 60,000 ni Julai 2025." Nimeona watu wanaozuia hata deni wanalolikubali ili "kumkomesha" mwenye nyumba. Wanamkabidhi sababu ya kuwatoa.

Maana kuna kutoa. Sheria ya Ardhi inamruhusu mwenye nyumba kuvunja upangaji kwa kodi isiyolipwa, ila kwa kutanguliza ilani ya maandishi, na mpangaji asipotoka ni suala la kwenda kwenye chombo cha sheria. Kufunga kufuli jingine mlangoni, kung'oa mabati, kukata umeme au kutoa godoro nje si ukusanyaji wa deni. Kukamata vitu na kuviuza ili kulipa deni ni kazi ya dalali mwenye amri ya mahakama au baraza mkononi. Mwambie akuoneshe, usome jina lako na kiasi kilichoandikwa. Ukivunjiwa mlango, nenda polisi siku hiyo hiyo.

Wengi huanza kwa mwenyekiti wa mtaa, na si vibaya. Anawajua wote wawili na mara nyingi hesabu humalizikia kwenye benchi lake. Asichoweza ni kuamuru ulipe au uhame. Hatua rasmi ya kwanza ni Baraza la Kata, na hapa yapo mabadiliko ambayo bado hayajawafikia wengi: tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi na nyumba. Linasuluhisha. Lina siku 30. Likishindwa linathibitisha hivyo kwa maandishi, na ndipo anayelalamika anafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwa Morogoro lipo mjini hapa. Mtu anayekuonesha "hukumu ya kata" ya mwaka huu inayokuamuru uhame anakuonesha kitu ambacho baraza hilo halina mamlaka ya kukitoa. Kama wakili hapatikani kwa uwezo wako, tafuta msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kazi yake hailipiwi, na jedwali la miezi ni kitu anachoweza kukusaidia kukipanga kwa mchana mmoja.

Swali jingine linakuja sana hapa kwetu: barua imeandikwa na nani? Mwenye nyumba amefariki, na barua imeletwa na mtoto, wiki iliyofuata mpwa naye ameleta yake. Kwa Waluguru, ambao ukoo hufuata upande wa mama, si ajabu mpwa na mtoto kila mmoja kuamini nyumba ni yake. Mpangaji si hakimu wa mirathi na asijifanye. Aombe kuona barua za usimamizi wa mirathi zilizotolewa na mahakama, na alipe kwa msimamizi aliyetajwa humo. Wasipokuwa nazo, aandike kwamba yuko tayari kulipa atakapooneshwa, na fedha aitunze kando isiguswe. Kumlipa asiyehusika hakukuondolei deni kwa anayehusika.

Kuna pia deni linalobishaniwa tangu mzizi. Mwaka 2016 Shirika la Nyumba la Taifa liliwatoa Mbowe Hotels katika jengo lake Dar es Salaam likidai malimbikizo ya zaidi ya shilingi bilioni moja. Upande wa pili haukubishania miezi. Ulisema uhusiano wao ulikuwa wa ubia, si wa mpangaji na mwenye nyumba. Kwa kipimo cha Mwembesongo hilo huja kwa namna ya choo. Mwenye nyumba alisema, "Jenga choo, tutakata kwenye kodi," mpangaji akajenga, na leo barua haina hata shilingi ya choo. Kama unayo makubaliano hayo, yanatangulia hesabu nyingine zote kwenye jibu lako, pamoja na risiti za saruji na jina la fundi. Kama yalikuwa ya mdomo tu na mkataba wa maandishi hausemi lolote, jiandae: kwa kawaida maneno ya mdomo hayabadilishi maandishi kirahisi mbele ya baraza.

Nimalizie kwa wenye nyumba, kwani nao wanasoma, na wengi wao ni wazee wanaoishi kwa vyumba viwili vitatu vya kupangisha. Barua inayosimama ni ile yenye safu nne nilizozitaja, inayoonesha kila malipo uliyopokea, hata yale yanayokuumiza kuyaonesha, na inayotenga kodi na madai mengine. Ambatisha nakala ya mkataba, na kama haukulipiwa ushuru wa stempu, ulipie kabla ya kwenda barazani, kwani usipolipiwa unaweza kukataliwa kupokelewa kama ushahidi hadi ushuru na faini yake vilipwe. Ipeleke mbele ya shahidi, baki na nakala yenye tarehe ya kupokelewa. Na ukipokea fedha isiyo na maelezo, jibu ujumbe siku hiyo: "Imefika, nimeiweka kwenye mwezi wa sita." Sheria inakupa nafasi hiyo ya kuchagua, lakini ukikaa kimya nawe, itachagua yenyewe.